Kanda Tatu za Mwalimu Hedwiga

Mwalimu Hedwiga alipofika katika shule ile ya juu ya Maji ya Chai, mwanawe Violet alikuwa bado ananyonya. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, sabuni na khanga na redio za kila aina, na wenye mishahara ya serikali wakaanza kuviona vitu hivyo vyote bila kuweza kuvishika. Mumewe, Ndesanjo, alikuwa karani katika shirika la umma mjini Arusha. Shirika lilipopunguza watu, yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alichukua meza ya mitumba kule Kwa Mrombo na kupanga chumba jirani na soko, akawa anapanda kwa mkewe mwisho wa wiki.

Hedwiga alikuwa mtu wa Kibosho, mrefu, mwenye mikono mirefu zaidi. Chuoni alicheza netiboli hadi timu ya mkoa, na alipopangiwa shule ile aliomba apewe vipindi vya michezo, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuliomba. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Abdiel, alimtazama kwa mashaka.

"Vipindi hivyo tunavitumia kupalilia shamba la shule," alisema. "Lakini kama unavitaka, chukua cha Alhamisi."

Alhamisi ya kwanza alitoa darasa la tano uwanjani. Wakati wengine wanakimbilia mpira, kundi zima la watoto lilijitenga bila kuambiwa na kwenda kukaa kwenye ukingo wa nyasi. Alidhani ni wagonjwa wa malaria. Walipoinuka kumwamkia ndipo alipoiona miguu yao. Wengine ilipinda kwa nje kama upinde, wengine magoti yaligongana na nyayo zikaachana mbali, na kila hatua waliyopiga ilikuwa kazi. Walipotabasamu, meno yao yalikuwa ya kahawia. Ya kwake yalikuwa meupe, nao wakayatazama.

Ni maji. Kila mtu kijijini alijua kuwa ni maji, ingawa wazee walilisema jambo hilo kama mtu anavyosema kwamba mlima uko pale. Mto uliowanywesha ulitoka Mlima Meru ukiwa umebeba madini ya floraidi kwa wingi, na magadi waliyotilia maharage na makande yaive upesi yalikuwa nayo pia. Mtoto aliyekua akinywa maji yale tangu utotoni aliharibika meno kwanza. Wengine waliishia hapo. Kwa wengine sumu ilishuka mpaka kwenye mifupa.

Hedwiga alifanya kile ambacho mwalimu yeyote mwenye moyo angekifanya: aliwatafutia kazi. Susana, msichana wa magoti yaliyogongana, mwenye kifua kipana na sauti nzito, alimpa kuhesabu magoli. Calvin, aliyepooza mguu mmoja kwa polio na kutembea kwa magongo, alishika filimbi ya akiba. Rachel, ambaye vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshikana kwa kuungua, aliokota mipira iliyotoka nje. Aliridhika. Kila mtoto alikuwa na nafasi yake.

Haukupita muda Susana akatangaza goli ambalo halikufungwa. Timu moja ikalalamika, nyingine ikashangilia, mchezo ukavurugika. Hedwiga alimwita pembeni.

"Susana, hukuona kwamba mpira umegonga chuma tu?"

"Niliona, Mwalimu."

"Sasa mbona umehesabu?"

Msichana aliangalia chini. "Nimechoka kuhesabu vya wenzangu."

Maneno hayo Hedwiga alienda nayo nyumbani. Usiku ule alimwogesha Violet huku akiyarudia kichwani, na kadiri alivyoyarudia ndivyo alivyoona kwamba alichowapa wale watoto ni viti vizuri zaidi vya kutazamia.

Alhamisi iliyofuata aliwaingiza wote uwanjani, sheria zikiwa zile zile. Calvin alisimama katikati. Kabla hajaugusa mpira, wasichana wawili waliokuwa wakikimbia huku wameinua macho juu walimparamia. Gongo lilivunjika, naye akaanguka na kichubuko kirefu kwenye kiwiko. Hakulia. Alichosema ni kwamba gongo lile lilikuwa la kaka yake marehemu, akaomba aruhusiwe kwenda nyumbani.

Basi Hedwiga akatunga sheria ya kuwalinda: mtoto mwenye ulemavu akiwa na mpira, asisogelewe na mtu wala asinyang'anywe. Sheria hii ilionekana nzuri kwenye karatasi. Uwanjani ilikuwa balaa. Wakimbiaji walinuna kwa sababu mchezo ulisimama kila Susana aliposhika mpira. Wajanja wakawa wanampa mpira kusudi wapumzike. Na Susana mwenyewe alikuja kusema kwamba hataki.

"Wananipa mpira kama wanatoa sadaka," alisema.

Hapo ndipo Hedwiga alipofanya jambo ambalo baadaye alijilaumu kwa kutolianza nalo. Aliwakalisha wote, wenye miguu mizima na wasio nayo, akawauliza mchezo wautengeneze vipi ili kila mmoja auone mgumu, na kila mmoja aweze kushinda au kushindwa kwa haki.

Walianza kung'oa nyasi. Watoto wale hawakuzoea kuulizwa. Kisha Soila akanyoosha mkono. Huyu alikuwa ndiye mwenye mbio kuliko wote, binti wa mlinzi wa shamba la maua kule chini, mwembamba kama fito, asiyeweza kusimama mahali pamoja.

"Sisi tunaokimbia tutengewe njia yetu," alisema. "Tukimbie huko huko. Tusiwaangushe."

"Na ninyi?" Hedwiga aliwageukia wa ukingoni.

"Tukikaa chini wote," Susana alisema polepole, "mimi na Soila, nani ana mikono?"

Watoto walicheka, kwa sababu kila mtu alijua jibu. Susana alichota maji mtoni tangu akiwa mdogo na mabega yake yalikuwa ya mtu mzima.

Kutokana na maneno ya wale wasichana wawili ndipo ukatoka mchezo wa kanda tatu. Haukutoka siku moja. Walichora kwa majivu, wakajaribu, wakafuta, wakachora tena. Mwishowe ulikaa hivi. Kila upande wa uwanja, kandokando ya mstari mrefu, ulikuwa na uchochoro wa kukimbia, na humo mtu alikimbia apendavyo. Katikati kulikuwa na ukanda mpana wa kutembea, na aliyeanza kukimbia humo, awe nani, alipoteza mpira. Mbele ya kila goli kulikuwa na nusu duara, na ndani yake kila mchezaji, mfungaji na mlinzi, alikaa juu ya gogo fupi la mti wa mgrevilea lililokatwa kwa urefu mmoja. Goli lenyewe walilishusha mpaka likawa sawa na bega la mwalimu. Hakuna aliyevuka kutoka kanda yake kwenda nyingine wakati mpira unachezwa, kwa hiyo wenye mbio hawakukutana na wenye magongo. Na goli halikuhesabiwa mpaka mpira uwe umepita kanda zote tatu.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoubadilisha mchezo. Soila angeweza kukimbia kama swala, lakini bila mtu wa ukanda wa kutembea na bila mtu wa gogo, mbio zake zilikuwa za bure. Ilibidi amtazame mwenzake, ajue anadaka vizuri upande gani, amtupie hapo. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alitaka kushinda.

Mambo mengine waliyarekebisha kadiri yalivyojitokeza. Rachel alishindwa kuudaka mpira ulioshiba upepo, ulimruka mkononi. Wakaupunguza upepo kidogo, kwa wote, na wakakubaliana kwamba kuubana mpira kifuani au tumboni kwa mkono mmoja ni kudaka halali. Sheria ya netiboli kwamba mpira ushikwe mpaka kuhesabu tatu tu, ukizidi ni faulo, ilikuwa fupi mno kwa mtu anayetafuta kwanza pa kuegemea, wakaongeza hadi tano, na ile tano ilikuwa ya kila mtu. Calvin aliamua mwenyewe kukaa kwenye nusu duara, kwa maana pale aliyaweka magongo nje ya mstari, mbali na miguu ya watu, akabaki na mikono yote miwili. Kila mmoja alichagua kanda yake mwanzo wa mchezo, na nusu ya pili aliruhusiwa kuhama. Hedwiga hakumpangia mtu. Alichokataa ni kitu kimoja tu: sheria ya mtu mmoja peke yake. Kama sheria inabadilika, alisema, inabadilika kwa uwanja mzima.

Susana akawa mfungaji. Akiwa ameketi juu ya gogo lake, mgongo umenyooka, alitupa mpira kwa mikono yote miwili na ukaingia bila kugusa chuma. Walinzi wenye miguu mizima waliokaa mbele yake walinyoosha mikono mpaka wakaanguka kutoka kwenye magogo yao. Wakati mwingine walimzuia, naye alikasirika kweli kweli, akapiga gogo kwa ngumi. Hedwiga alipenda hasira ile kuliko magoli.

Mratibu wa elimu wa kata alipita siku moja, akasimama kwenye baiskeli yake kutazama, akavutiwa. Yalikuwa yanakaribia mashindano ya kata.

"Walete," alimwambia Hedwiga. "Tutawapa nafasi katikati ya mechi za netiboli na mpira wa miguu. Watu waone."

"Wakashindane na nani?"

"Na wenyeji. Wafundishe tu sheria zako."

Wenyeji walikuwa shule ya kando ya barabara kuu. Hedwiga alienda kwao Jumamosi, akawachorea kanda, akawaeleza kila sheria na sababu yake, na mwalimu wao alisikiliza kwa makini. Wachezaji aliowaleta wote walikuwa na miguu mizima. Hedwiga aliuliza kama hawana watoto wengine. Mwalimu yule alisema wapo, lakini asingependa kuwaaibisha mbele za watu.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Watoto wa Hedwiga walivaa fulana za mitumba ambazo Ndesanjo aliwatafutia, zote za rangi ya bluu ingawa si bluu moja. Mratibu mwenyewe alishika filimbi. Calvin alipoingia kwa magongo yake, watu walipiga makofi. Susana alipofuata, akitembea kwa ule mwendo wake wa kuyumba, walipiga tena. Hedwiga aliona Susana anageuka kutafuta wanachopigia makofi.

Mchezo ukaanza. Goli la kwanza lilikuja haraka, Soila kwa Rachel, Rachel kwa Susana, na Susana akafunga. Uwanja ulilipuka. La pili likaja haraka zaidi. Hedwiga, aliyekuwa amesimama kwenye mstari, akaanza kuona kitu ambacho hakukitaka kukiona. Mlinzi wa wenyeji, msichana mwenye mikono mirefu kama yake, alikuwa ameketi kwenye gogo na mikono yake mapajani. Katikati, wapinzani walikuwa wanausogelea mpira halafu wanasita. Mmoja aliudaka, akautazama, akaurudisha kwa Rachel taratibu, akitabasamu.

Walikuwa wameambiwa wawahurumie.

Mpira ukamfikia Susana mara ya tatu. Aliushika. Alimtazama mlinzi, na mlinzi akamtabasamia. Susana hakutupa. Hedwiga alihesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne, tano, akasubiri filimbi. Filimbi haikulia. Susana aliendelea kuushikilia ule mpira, macho yake kwa mratibu, na mratibu alimwashiria kwa kichwa, kwa upole, asiogope, achukue muda wake. Watu wakaanza tena kupiga makofi.

Susana aliinama akauweka mpira chini kando ya gogo. Aliinuka, jambo ambalo lilimchukua muda kama kawaida, akatoka nje ya mstari mpaka kwa mwalimu wake.

"Mwalimu, hawachezi," alisema.

"Najua, Susana."

"Waambie wacheze."

Hedwiga alienda kwa mratibu, akamwomba asimamishe, apige faulo kama sheria inavyosema, awaambie wenyeji washindane. Mratibu alimwinamia, akazungumza naye kwa sauti ya chini kama anayemtuliza mfiwa. Alisema leo ni siku ya furaha. Alisema asiwe mkali kwa watoto hawa, wana mzigo wa kutosha. Mchezo ukaisha hivyo, kwa magoli mengine mengi, na Susana, aliyebaki nje ya mstari, hakufunga hata moja kati ya hayo. Baadaye waligawiwa soda, na mratibu akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba timu hii itakuwa inaalikwa kila mwaka kuburudisha.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Calvin alimwuliza Hedwiga kama siku zote Soila na wenzake nao walikuwa wanawaachia.

"Hapana," Hedwiga alisema. "Wale hawakuwahi kukuachia. Unajua hivyo."

"Sijui," Calvin alisema. "Nilikuwa nadhani najua."

Alhamisi iliyofuata Susana alikaa kwenye ukingo wa nyasi. Hedwiga alimwendea, akakaa kando yake. Hakumbembeleza sana. Alisema gogo lake lipo. Susana alijibu kwamba analiona. Wengine walicheza, na Soila, aliyechagua gogo siku hiyo, alipompokonya Calvin mpira kwa nguvu iliyozidi kidogo, kumthibitishia, Calvin alikasirika na kusema anaigiza. Kitu fulani kilikuwa kimeingia mchezoni, na hakuna mstari wa majivu uliokuwa na uwezo wa kukiweka nje. Waliendelea kucheza, lakini kila mtu alikuwa anampima mwenzake kama anacheza kweli.

Mwaka ule ndio Hedwiga alipoanza kumtazama Violet anapotembea.

Alikuwa na miaka minne. Meno ya mbele yalikuwa na madoa. Hedwiga alijiambia ni meno tu, meno si kitu. Alikuwa anakinga maji ya mvua kwenye bati la nyumba ya mwalimu, lakini pipa lilikuwa moja, na kiangazi kilipokuja liliisha kabla ya wiki mbili, wakarudi kwenye mto kama kila mtu. Magadi hakuyatumia kabisa. Lakini jioni moja Ndesanjo alikuwa amekaa mlangoni, Violet akamkimbilia, na Ndesanjo akaacha kutabasamu katikati ya tabasamu.

"Mama Violet, njoo umwone huyu mtoto anavyokuja."

"Nimemwona."

"Tangu lini?"

Hedwiga alimchukua Violet mkononi, akaingia naye ndani. Alikuwa amemwona tangu masika.

Wiki ile ile Violet alipelekwa kwa bibi yake Kibosho, kwenye maji ya mfereji yanayotoka Kilimanjaro. Daktari wa hospitali ya misheni aliyempima alisema maji mazuri yatazuia isiendelee zaidi, lakini kilichopinda kimepinda. Labda akikua apasuliwe mifupa na kunyooshwa. Labda. Hedwiga alirudi peke yake, akafungua mlango wa nyumba ya mwalimu, akakuta kikombe kidogo cha plastiki juu ya meza kina maji nusu. Aliyamwaga nje.

Kijijini habari haifichiki. Bibi yake Susana, mama wa Kimeru aliyekuwa mkali na asiyependa maneno mengi, alimkuta mtoni.

"Shikamoo Bibi," Hedwiga alisema.

"Marahaba. Nasikia mtoto amekwenda kwa bibi yake."

"Ndiyo, Bibi. Miguu yake ilianza."

"Umefanya vizuri." Bibi alishusha ndoo yake. Aliifunika kwa jani la mgomba, Hedwiga akadhani yameisha. "Mimi sina pa kumpeleka wangu. Mama yangu amezikwa hapa, na mama yake amezikwa hapa. Ninyi mna mahali pengine. Sisi umetufundisha kukaa kwenye magogo."

Hakulisema kwa chuki. Kama angelisema kwa chuki, Hedwiga angepata la kujibu.

Siku zilipita. Susana alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, akabaki nyumbani akiuza ndizi kando ya barabara, ameketi. Calvin alihamia kwa mjomba wake Usa River akajifunze kushona viatu. Wengine wadogo walipanda darasa, na Hedwiga aliwafundisha kanda tatu tangu mwanzo, akiwauliza kila kundi jipya nini kinawafaa, kwa maana alikuwa amejifunza kwamba sheria ya watoto wa jana haiwatoshi wa leo. Walikuwa na mawazo yao. Mmoja alitaka magogo mawili ya urefu tofauti, kwa sababu magoti yake hayakukunjika vizuri na kukaa chini sana kulimwuma. Wakaongeza, na yeyote akachagua la kumfaa. Mchezo ulizidi kuwa mzuri. Hilo ndilo lililomchosha Hedwiga zaidi ya yote, kwamba mchezo ulizidi kuwa mzuri.

Kwa maana ilibidi auchore upya kila mara. Ukanda wa kutembea ulikuwa unajaa. Vichochoro vya kukimbia vilikuwa vinapungukiwa watu. Alipoanza, wakimbiaji walikuwa wengi mpaka wakagombea nafasi. Sasa alivipunguza upana ili wachache waliobaki wasionekane wametawanyika. Alijiambia ni bahati ya darasa hilo tu. Darasa lililofuata likawa hivyo hivyo. Na Alhamisi moja, wakati watoto wanachagua kanda, Soila, aliyekuwa amerudia darasa na sasa yuko la saba, alisimama kwenye mstari wa majivu bila kuuvuka.

"Leo nitembee, Mwalimu," alisema.

"Umeumia?"

"Hapana. Magoti yanaumwa nikikimbia. Yameanza zamani kidogo."

Miguu yake ilikuwa bado imenyooka. Hedwiga aliitazama kwa muda mrefu akitafuta mpindo, hakuuona. Lakini msichana alisimama kama mtu aliyebeba kitu, mgongo umekakamaa, na alipogeuka aligeuza mwili mzima pamoja na shingo. Wazee wengi wa kijiji waligeuka namna ile. Huyu alikuwa na miaka kumi na mitano.

"Ingia," Hedwiga alimwambia.

Soila aliingia kwenye ukanda wa kutembea, na watoto waliokuwa humo walisogea wakampa nafasi, bila neno, kama watu wanaojua mgeni angefika. Alicheza vizuri. Alijua kutupa. Mara mbili alisahau akaanza kukimbia, na mara zote mbili Hedwiga alipiga filimbi, akampokonya mpira, akaupa upande wa pili kama sheria ilivyotaka.

Usiku ule aliandika barua ya kuomba uhamisho. Ndesanjo alikuwa amemwomba aiandike kwa muda mrefu. Jibu lilichukua zaidi ya mwaka, na lilipokuja lilimpeleka Olmotonyi, upande wa pili wa mlima, jirani na chuo cha misitu.

Alijaribu kuuacha mchezo mikononi mwa mtu. Mwalimu kijana, Efraimu, aliupenda, naye Hedwiga alikaa naye jioni kadhaa akimweleza: asianze na kanda, aanze na watoto alionao, asimfanye mtoto yeyote mhesabu magoli, asitunge sheria ya mtu mmoja, ahakikishe kuna kushindwa kwa kweli, na siku ya mechi na wageni, awe na mwamuzi atakayepiga filimbi kwa Susana kama anavyopiga kwa yeyote. Alitaja jina la Susana, kisha akakumbuka kuwa kijana huyu hamjui. Efraimu aliitikia yote. Lakini Mwalimu Abdiel alikuwa ameshatangaza kwamba kuanzia muhula ujao kipindi cha Alhamisi kitakuwa cha mazoezi ya mtihani. Wazazi walitaka watoto wafaulu. Mtoto asiyeweza jembe, walisema, afaulu angalau. Hedwiga hakuweza kuwaambia wamekosea.

Alhamisi ya mwisho aliwatoa nje darasa la tano. Walichora mistari wenyewe. Aliwakalisha akawaambia kwamba anahama.

Mtoto mmoja wa mbele, mwenye miguu ya matege na meno yaliyoanza kumegeka, aliuliza anakwenda wapi.

"Olmotonyi."

"Huko maji yao yanafanya hivi?" Alijigusa goti.

Hedwiga alitaka kusema kwamba hajui. "Si kama haya," alisema.

Mtoto aliitikia kwa kichwa, akifikiri. Wengine walitazamana. Hakuna aliyemlaumu, na yeye alisimama pale akingoja walau mmoja amlaumu.

"Mwalimu," mtoto wa nyuma alisema, "tuanze? Kipindi kitaisha."

Wakaanza. Kwenye uchochoro wa kushoto kulikuwa na mkimbiaji mmoja, na wa kulia hakukuwa na mtu, kwa hiyo walikubaliana haraka, bila kumwuliza, kwamba leo kanda ziwe mbili. Timu moja ilifungwa vibaya, ikalalamika sana. Hedwiga alipiga filimbi, akahesabu tano, akapiga tena. Aliona lori lililokuja kuchukua vyombo vyake linapanda kutoka barabara kuu, likakata kona ya kanisa, likasimama nje ya geti. Dereva alipiga honi. Watoto hawakugeuka. Alimwita msichana aliyekuwa akipumzika nje, akamwonyesha jinsi ya kushika filimbi, akamwambia asimwonee mtu huruma, kisha akaenda kupakia kitanda.